Jinsi ya kumwomba mwenzako akufikishe kwa meneja wake bila kumruka mtu

Tangu Bandari ya Tanga iongezwe kina na meli zianze kufunga gatini, badala ya kutia nanga nje na mizigo kuletwa kwa matishari, ofisi zetu za uwakala wa forodha zimepokea vijana wengi. Swali wanaloniuliza mara kwa mara halihusu kadhia za forodha wala ushuru. Wanauliza hivi: "Kaka, kuna jambo limekwama idara ya wenzetu. Msimamizi wao hana uwezo nalo. Nitaonanaje na meneja wao bila kuonekana nimeenda kumchongea mtu?"

Nimelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi, kwenye kibaraza cha chai na kwenye foleni ya geti, na kila mara nasahau kipande. Sasa naliandika lote. Nitatumia mfano mmoja tu, wa kwangu, nao tutaufuata mpaka mwisho.

Mimi niko utoaji mizigo. Malipo yetu yote hupitia uhasibu. Pale uhasibu yuko dada anayepokea maombi ya malipo, juu yake yuko msimamizi wa malipo, na juu yao wote yuko Meneja wa Fedha. Wakati huo malipo yalikuwa yakiidhinishwa Jumanne na Ijumaa asubuhi tu. Ankara ya storeji, yaani tozo ya mzigo kukaa bandarini, huhesabiwa mpaka tarehe fulani. Ukiipata Ijumaa mchana, malipo yatasubiri Jumanne. Zimeongezeka siku 4, ile ankara imeshapitwa, inabidi uombe ya nyongeza na kontrol namba nyingine, na huku kontena limekaa palepale, mteja anapiga simu. Dada wa malipo hakuwa na kosa. Msimamizi wake pia hakuwa na kosa, maana siku za kuidhinisha hakuzipanga yeye. Aliyeweza kuzibadilisha ni Meneja wa Fedha peke yake. Kwa hiyo nilihitaji kufika kwake, na mlango wangu ulikuwa yule dada.

Kabla hujaanza

Uwe na vitu vinne mkononi.

Kwanza, orodha ya watu walio kati yako na huyo meneja. Iandike kwenye karatasi. Kwangu walikuwa watatu: msimamizi wangu mwenyewe, dada wa malipo, na msimamizi wa dada. Vijana wengi humsahau wa kwanza. Wanahangaika na heshima ya idara ya watu, halafu bosi wao anakuja kusikia kwa meneja wa fedha kwamba kijana wake amekuwa kule akilalamika.

Pili, jibu la swali hili: ni uamuzi gani ambao meneja pekee ndiye anaweza kuutoa? Kama msimamizi anaweza kuutoa, usiende kwa meneja. Nenda kwa msimamizi, na mwongozo huu hauhitajiki.

Tatu, mifano michache yenye tarehe. Mimi nilichukua makontena matatu, kila moja na siku ankara ilipotoka, siku ombi lilipofika uhasibu, siku lilipolipwa, na kiasi kilichoongezeka. Karatasi moja, upande mmoja.

Nne, sentensi ya lengo. Hii ndiyo inayobeba kazi yote, nitaieleza kwenye hatua ya 1.

Onyo moja kabla ya kwenda mbele. Kama jambo lako ni wizi, rushwa au mtu kukunyanyasa, usifuate hatua hizi. Hapa kila mtu anaarifiwa mapema, na mtu mwenye kosa la namna hiyo hapaswi kuarifiwa mapema. Hayo yana njia yake: ofisa rasilimali watu, chama cha wafanyakazi, au TAKUKURU ikiwa ni rushwa. Mwongozo huu ni wa mambo ya utaratibu wa kazi.

Hatua

1. Andika sentensi ya lengo, kisha ipime. Sentensi iseme jambo lenyewe, unachoomba, na muda unaohitaji. Yangu ilikuwa hivi: "Naomba dakika 20 kwa Meneja wa Fedha nimwonyeshe makontena matatu yaliyoongezewa storeji kati ya Ijumaa na Jumanne, nimuulize kama inawezekana kuwa na siku ya tatu ya kuidhinisha malipo ya bandari."

Kipimo chake ni hiki: je, naweza kumsomea msimamizi wa malipo sentensi hii, neno kwa neno, akiwa amekaa mbele yangu, bila kubadilisha chochote? Kama kuna neno ungelimeza, lirekebishe sasa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "ucheleweshaji wa malipo uhasibu". Nilipojiona naisoma mbele ya yule mzee, niliona neno "ucheleweshaji" linamnyooshea kidole. Nikalitoa, nikaweka siku zenyewe. Ijumaa na Jumanne hazimkasirishi mtu.

Usiandike kamwe "kuna jambo nataka kuzungumza na bosi wako". Nilifanya hivyo miaka ya nyuma, nikiwa ofisi nyingine. Nilimtumia mwenzangu ujumbe wa simu, maneno saba tu, nikidhani ufupi ni adabu. Akamwonyesha msimamizi wake, kwa nia njema kabisa. Msimamizi akaona "kuna jambo" akajua anachongewa. Wiki tatu vocha zangu zilirudi: hii haina muhuri, hii tarehe haisomeki, hii saini imepita mstari. Nilikuwa nimekuja kuomba fomu mpya ya posho ya safari. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo, lakini kwa kuwa sikulitaja, kila mtu alijitajia lake.

2. Mwambie msimamizi wako kwanza. Ana kwa ana, kabla hujamgusa mtu wa idara nyingine. Usimwombe ruhusa kwa mafumbo. Msomee ile sentensi. Mimi nilisema: "Mzee, shikamoo. Suala la storeji ya Ijumaa nataka lifike kwa Meneja wa Fedha, maana siku za kuidhinisha anazipanga yeye. Nimefikiria nianzie kwa dada wa malipo, nipite kwa msimamizi wao. Unaonaje, niende mimi au unapenda uliongelee wewe?"

Swali la mwisho uliulize kwa dhati. Kuna wasimamizi watakaosema "niachie", na hapo umeshinda, kazi imefanyika bila wewe kupanda ngazi. Wangu alisema, "Nenda wewe, ila usiseme idara yetu imekasirika." Neno hilo lilinisaidia sana baadaye.

3. Mfuate mwenzako mahali na wakati unaomfaa. Nenda mezani kwake, au mtoke kidogo mkapate chai. Usimuulize mbele ya wenzake, wala kwenye kundi la wasap la ofisi, wala dirishani wakati ana watu sita wameshika vocha. Kwa mji wetu epuka Ijumaa kuanzia saa 5 asubuhi, watu wanajiandaa na swala na akili zimeshatoka mezani. Mwezi wa Ramadhani nenda asubuhi mapema.

Salimia kama mnavyosalimiana siku zote. Ukimwamkia kwa unyenyekevu ambao hajauzoea, atajua unakuja na mzigo.

4. Omba ushauri wake kwanza, nafasi baadaye. Hapa ndipo ombi linapoharibika au kutengenezeka. Mwenzako anabeba hatari ambayo wewe huioni. Ukifika kwa meneja wake na mambo yakaenda vibaya, wewe unarudi idarani kwako, yeye anabaki palepale chini ya msimamizi aliyerukwa, na atakuwa ndiye "aliyefungua mlango". Basi mpe nafasi ya kukuelekeza, na mpe pia nafasi ya kukataa.

Mazungumzo yetu yalikwenda hivi, karibu neno kwa neno:

"Dada, habari za tangu asubuhi? Nina jambo la storeji, nimeliandika hapa, lisome kwanza."

Akasoma ile sentensi, kisha karatasi ya makontena matatu.

"Hili kontena la pili nalikumbuka. Ombi lako nililipokea saa 7, hundi zilikuwa zimeshatoka."

"Ndiyo, na sikulaumu hata kidogo. Nimekuja kuuliza mambo mawili. Kwanza, nimekosea popote kwenye hizi tarehe? Pili, nikitaka jambo hili limfikie Meneja wa Fedha, kwenu hapa linapitia wapi, na nani anatakiwa asikie kabla yake?"

Akanyamaza kidogo. "Mzee lazima asikie. Asikie kwako, sio kwangu."

"Nitamwambia mwenyewe. Na kama unaona nikutaje au nisikutaje, niambie."

"Sema tu ulikuja kuhakikisha tarehe."

Angalia alichonipa: utaratibu wa kwao, mtu wa kumwendea, na mpaka wa jinsi ya kumtaja. Hivyo vyote visingepatikana kama ningesema "naomba uniunganishe na bosi". Na usahihisho wa tarehe ulikuwa na maana yake. Moja niliikosea kwa siku nzima, na ningeaibika nayo mbele ya meneja.

5. Nenda kwa msimamizi wa mwenzako. Hatua hii ndiyo inayotofautisha kupita kwa mtu na kumpita mtu. Mpelekee sentensi ileile na karatasi ileile. Kisha mwachie achague kati ya mambo matatu: aliongelee yeye kwa meneja, muende pamoja, au uende peke yako yeye akijua. Yule mzee alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Sasa hapa kosa langu ni lipi?" Nikamjibu kwamba sioni kosa la mtu, naona kalenda. Akasema tutaenda wote wawili.

Vijana huogopa jibu hilo, wanaona mkutano wao umechukuliwa. Mimi nalifurahia. Msimamizi akiwepo, meneja hatalazimika kumuuliza tena baada yako, na uamuzi unaweza kutoka palepale.

6. Tuma ombi la maandishi. Sasa ndiyo unaandika. Kwenye kampuni nyingi inatosha barua pepe kwa katibu muhtasi wa meneja, wasimamizi wote wawili wakipata nakala. Ofisi ya serikali au ya halmashauri ni barua au dokezo, na hapo andika K.K., yaani kupitia kwa, ukitaja cheo cha msimamizi. Barua inapita kwake, anaweka maoni yake na saini, ndipo inaendelea. Usiipeleke masijala ukiwa hujamwonyesha kwanza. Akiiona kwa mara ya kwanza kwenye jalada, hatua ya 5 yote imepotea.

Yangu ilisomeka hivi:

"Yah: Ombi la kuonana kuhusu siku za kuidhinisha malipo ya bandari. Naomba dakika 20 za Meneja wa Fedha, Jumatano au Alhamisi wiki hii, kumwonyesha makontena matatu yaliyoongezewa storeji kati ya Ijumaa na Jumanne, na kuuliza kama inawezekana kuwa na siku ya tatu ya kuidhinisha. Suala hili nimelizungumza na msimamizi wangu na msimamizi wa malipo, ambaye tutakuwa naye. Karatasi ya tarehe nimeiambatanisha."

Sentensi ile ya "Suala hili nimelizungumza" usiiache. Jambo la kwanza meneja anajiuliza anapoona jina asilolitegemea ni kama wasimamizi wanajua. Mjibu kabla hajauliza.

7. Kwenye mkutano, kaa ndani ya lengo. Anza kwa kutaja waliokuelekeza, weka karatasi mezani, uliza swali lako. Meneja karibu kila mara atauliza, "Nani hasa anachelewesha?" Hapo usitaje jina, hata kama unalo. Nilijibu kwamba maombi yaliyofika Alhamisi yalilipwa kesho yake yote, yaliyofika Ijumaa baada ya hundi kutoka ndiyo yaliyokwama. Hilo lilikuwa kweli na lilitosha. Akikupa upenyo wa kueleza mambo mengine ya idara ya watu, mwambie kwa upole kwamba ulikuja kwa hili tu. Upenyo huo unavutia sana, na ndio uliowaponza wengi.

Dakika 20 zikiisha, inuka wewe kwanza.

8. Rudisha majibu siku hiyohiyo. Kwa msimamizi wako, kwa msimamizi wa malipo kama hakuwepo, na kwa mwenzako. Ujumbe mfupi unatosha: nini kimeulizwa, nini kimejibiwa, nini kinafuata. Mwenzako asisikie matokeo korido. Dada wa malipo nilimwandikia kabla ya saa 10 jioni: meneja hakukubali siku ya tatu, ila amekubali malipo ya bandari yanayofika Ijumaa kabla ya saa 9 yaidhinishwe siku hiyo kwa orodha ya pekee, na wewe ndiye utakayeiandaa, mzee atazungumza nawe kesho. Kazi imeongezeka kwake. Alistahili kujua siku hiyohiyo, akaipange asubuhi yake.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kosa kubwa ni kuvizia. Kijana anamwona meneja kwenye maegesho au kwenye hitima ya jamaa, anamkaribia na kumwaga jambo lote. Meneja wa watu anaitikia kwa adabu, "Njoo ofisini." Kesho yake unafika ofisini, katibu hana habari, msimamizi hana habari, na mwaliko ule wa adabu unageuka ushahidi kwamba umejipenyeza. Akikualika hivyo, shukuru, kisha anza hatua ya 2 kama vile hujaalikwa.

Jingine ni kumtumia mwenzako kama mjumbe: "Wewe mwambie tu bosi wako." Maneno yako yakipita kinywani mwa mtu mwingine yanakuwa yake, na lawama pia.

La tatu ni dogo lakini linaudhi: kuongeza majina ya wakubwa kwenye nakala ili ombi lionekane zito. Nakala ziende kwa wale wasimamizi wawili wa kwenye orodha yako, basi.

Mambo yakikwama

*Mwenzako kanyamaza.* Mpe siku tatu za kazi, halafu mrudie mara moja, ana kwa ana, umwambie yuko huru kujitoa: "Dada, kama inakuweka pabaya, nitamwendea mzee moja kwa moja na sitakutaja." Wengi hapo hupumua. Ukifika kwa msimamizi, timiza ahadi ya kutomtaja.

*Msimamizi wake anasema "niachie mimi", halafu kimya.* Siku ileile anaposema, muulize kwa heshima: "Nirudi kwako lini kusikia?" Tarehe hiyo ndiyo inayokupa haki ya kurudi. Ikipita mara mbili, usimzunguke. Mrudishie msimamizi wako, maana yeye yuko ngazi moja na mwenzake, wao wanaweza kuambiana yale ambayo wewe huwezi.

*Msimamizi amekasirika, anasema umemdharau.* Usimtetee mwenzako wala usijitetee kwa marefu. Mwambie, "Nisamehe mzee kama nimekuja vibaya, karatasi ni hii, meneja sijampelekea." Mwachie karatasi, ondoka, rudi kesho yake. Hasira nyingi za namna hii zinatokana na kushtukizwa, na akishaisoma mwenyewe akiwa peke yake ataona hakuna alipotajwa.

*Habari zimevuja kabla hujamaliza.* Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 5, leo hii, hata kama ulipanga Jumatatu. Anza kwa kusema ulichosikia kinasemwa, kisha msomee sentensi yako.

*Meneja amekataa.* Mshukuru, uliza kama kuna kiasi kidogo cha ombi kinachowezekana. Mimi niliomba siku, nikapata saa chache za Ijumaa. Akikataa hata hicho, warudishie majibu watu wote watatu kama kawaida, na karatasi yako iendelee kujazwa. Baada ya miezi mitatu utakuwa na makontena mengine ya kuonyesha, na utaanzia tena kwa msimamizi wako.